Vipele vya mstari kila asubuhi: kunguni wako wapi, na nianzie wapi?

"Shikamoo daktari. Tumehamia chumba cha kupanga huku Mbagala miezi miwili iliyopita, na kitanda tulikikuta humo humo. Wiki ya tatu sasa naamka na vipele vinavyowasha mno, mikononi na mgongoni, vitatu au vinne vimejipanga mstari. Mume wangu tunalala kitanda kimoja na hana hata kimoja. Mwanangu wa miaka 4 naye ameanza kujikuna. Nahisi ni kunguni, ila sijamwona hata mmoja. Nimeanika godoro mara mbili, nimepuliza dawa ya mbu, wapi! Nipake nini, na matandiko niyafanyeje?"

Marahaba mama. Nianze na mume wako, maana ngozi yake ndiyo inayowachanganya wengi. Yeye naye huenda anaumwa na kunguni. Kunguni akidunga huacha mate yake ndani ya ngozi, mate yenye kitu cha kutia ganzi na kitu cha kuzuia damu isigande, na kinachowasha ni mwili wako kuyakataa mate hayo. Wapo watu ambao miili yao haiyakatai kabisa. Wataliwa usiku kucha na asubuhi ngozi iko safi. Wengine, wakiumwa kwa mara ya kwanza maishani, hukaa wiki nzima au zaidi kabla kipele hakijatokea, halafu baada ya kuumwa mara nyingi wanaanza kuvimba ndani ya saa chache. Kwa hiyo ninyi wawili mnaweza kuwa mnaliwa sawasawa, na wewe ndiye unayeonekana mgonjwa.

Ule mstari nao una sababu yake. Kunguni hapendi kupanda juu ya mwili wako akatembea tembea. Anakuja kwenye shuka, anasimama pale ngozi inapogusana na kitambaa, na anadunga akitafuta mshipa mwembamba wa damu. Asipoupata, au ukijigeuza, anasogea hatua mbili tatu na kudunga tena. Ndiyo maana vipele vinafuata ukingo wa fulana au mkunjo wa shuka, na ndiyo maana ni mikono na mgongo, sehemu zilizobaki wazi unapolala.

Hata hivyo, usinihukumie kunguni kwa mstari peke yake. Kwanza mkague mtoto, kwa sababu ugonjwa wa upele unatibiwa kwa njia nyingine kabisa na ukichanganya hayo mawili utapoteza mwezi mzima. Upele unakaa katikati ya vidole, kwenye viganja na vifundo vya mikono, kiunoni, kwapani, sehemu za siri. Kwa mtoto mdogo hata kwenye nyayo. Ukitazama kwa karibu unaweza kuona kijistari kama mkwaruzo wa sindano, kirefu kama punje ya mchele au pungufu yake. Mwasho wake unazidi usiku, na hauchagui sehemu zilizo wazi. Ukiona hivyo, mpeleke zahanati, na nyumba nzima mtatibiwa siku moja. Viroboto wao wanapenda miguu, kuanzia kifundo hadi chini ya goti. Na ukikuta mchirizi mmoja unaowaka kama umeunguzwa na kutoa malengelenge, huyo si kunguni wala kiroboto, ni yule mdudu mwembamba mwenye mapingili mekundu na meusi anayefuata taa wakati wa mvua. Wewe umemponda mwilini ukiwa usingizini na maji yake yameichoma ngozi.

Sasa tuwatafute. Hujamwona kwa sababu unamtafuta mchana juu ya godoro, na mchana hayupo hapo. Kunguni mzima ni bapa, mwekundu wa kahawia, ukubwa wake kama dengu moja. Mtoto wake aliyetoka kuanguliwa ana rangi ya chai ya rangi iliyozidi maji, na huwezi kumwona mpaka awe ameshiba damu. Mchana wote hujibana penye ufa unaoweza kupitisha ukingo wa kadi ya benki. Chukua tochi na kadi ngumu, ondoa godoro, toa chaga moja baada ya nyingine. Tazama ncha za chaga, mahali zinapolalia ubao wa ubavuni. Tazama matundu ya skurubu, kiungo cha ubao wa kichwani, mgongo wa ubao huo upande unaotazama ukuta. Pitisha kadi kwenye ufa taratibu.

Unachotafuta zaidi si mdudu, ni alama zake. Utaona madoa meusi madogo, mengi pamoja, kama mtu amegusagusa mbao kwa ncha ya kalamu. Lowesha pamba na maji, papasa doa moja. Likichuruzika na kutia pamba rangi ya kahawia iliyokoza, hiyo ni damu iliyokwisha kusagwa tumboni mwake, yaani kinyesi chake. Vumbi na kutu havichuruziki hivyo. Utaona pia maganda makavu mepesi yenye umbo la mdudu, kwa kuwa kila mtoto hujivua ngozi mara tano kabla hajawa mkubwa, na mayai meupe ya milimita moja yaliyogandishwa kwenye mbao kama punje za chumvi. Ukishindwa mchana, weka kengele ya simu saa kumi alfajiri, washa tochi ghafla na ufunue shuka. Hizo ndizo saa zao.

Ukishawathibitisha, zingatia jambo moja ambalo ndilo kiini cha jibu langu. Si kazi yako kumfukuza kunguni chumba kizima. Kazi yako ni kukifanya kitanda kuwa kisiwa: kisafi juu, kimezungukwa na maji chini, na wewe umelala katikati kama chambo. Aliyeko nje ya kitanda akisikia njaa itambidi aje, na njia zote ziwe zimefungwa.

Dawa ya mbu ndiyo iliyokuangusha. Dawa nyingi za kupuliza madukani ni za jamii ya pairethroidi, zile zile zinazowekwa kwenye vyandarua, na kunguni wa kwetu wamezizoea zamani. Mwaka 2002 watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya kaskazini mashariki mwa Tanzania walichapisha matokeo yao: vyandarua vyenye dawa vilipogawiwa, kunguni walitoweka, kisha baada ya miaka kadhaa wakarudi, wakiwa sugu kwa dawa ile. Ukiwapulizia leo, wachache watakufa, na wengine wataacha kitanda na kuhamia kwenye fremu ya mlango, nyuma ya kabati, hata kwa jirani. Halafu watarudi. Naomba usiache chandarua kwa sababu hiyo. Kiko pale kwa ajili ya malaria.

Na kuanika godoro? Jua linaunguza uso wa godoro, lakini ndani ya sponji ni baridi, na kunguni akiona joto anapita upande wa chini wenye kivuli. Zaidi ya hayo, wengi wao hawakuwa kwenye godoro. Walibaki chumbani ndani ya mbao, wakikusubiri ulirudishe.

Joto lenyewe ndilo silaha nzuri kuliko zote, ila lazima limfikie mdudu na likae. Kunguni mkubwa anakufa haraka joto likipita nyuzi 50. Mayai ni magumu zaidi, kwa hiyo hesabu nyuzi 60 na muda wa kutosha ndio uwe salama. Kufua kwa maji ya bomba na sabuni kunaondoa wadudu wengi, lakini hakuui mayai.

Nikueleze tulivyofanya kwa mama mmoja fundi cherehani wa Tandika, aliyenijia kliniki akiwa amejikuna mpaka mabega yametoka usaha. Alikuwa ametupa godoro zuri na kununua jipya, na ndani ya wiki mbili mambo yakawa yale yale, kwa sababu kitanda hakukigusa. Tulipanga Jumamosi asubuhi, na mumewe na kijana mmoja wakamsaidia.

Matandiko yalikusanywa pale pale kitandani, yakatiwa kwenye mifuko ya plastiki na kufungwa kabla ya kutoka chumbani. Ukiyakumbatia kuvuka sebule, unamwaga wadudu njiani. Mashuka, foronya na nguo za kulalia za pamba ziliwekwa kwenye karai kubwa, yakamiminwa maji yaliyochemka kweli mpaka yakafunika, karai likafunikwa, na vikaachwa saa nzima ndipo vikafuliwa. Baada ya kukauka zilipigwa pasi ya moto, taratibu kwenye pindo na mishono, maana ndiko mayai yanakong'ang'ania. Mablanketi ya nailoni hayakuchemshwa, yangesinyaa. Yalipelekwa dobi mwenye mashine ya kukausha, yakazungushwa kwenye joto kali kwa dakika 30 tangu yalipokuwa yameshapata moto. Mwenye friza anaweza kuvitia vitu vidogo kama mwanasesere ndani ya mfuko na kuviacha kwa siku 4 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri; siku moja haitoshi.

Chandarua kilishughulikiwa peke yake, kwa sababu maji ya moto na jua kali vinaharibu dawa yake. Kikunjue juu ya shuka jeupe, pitia mishono na kile kitambaa cha juu, kwangua kila unachokiona kwa kadi na ukitumbukize kwenye maji ya sabuni, kisha kifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida na ukianike kivulini.

Godoro lilisuguliwa mishono yote kwa brashi ngumu na maji ya moto yenye sabuni, bila kulilowesha sponji, likaanikwa mpaka likakauka kabisa. Kisha likavishwa nailoni nene, ile ile ya dukani, ikafungwa pande zote kwa selotepu pana mpaka hakuna tundu. Selotepu ilale upande wa chini, nailoni ivutwe ikaze, na shuka litandikwe juu likiwa limechomekwa. Kwako wewe mwenye mtoto wa miaka 4 hili nalisisitiza: nailoni inayolegea usoni kwa mtoto aliyelala inaweza kumziba pumzi. Ikishafungwa vizuri, iache mwaka mzima. Aliyenaswa ndani anaweza kukaa miezi bila kula, na nailoni ikichanika tundu lizibwe siku hiyo hiyo.

Kitanda chenyewe kilitolewa nje na kufunguliwa chote. Hapa ndipo palipokuwa na kazi. Kilikuwa na chaga 13, na kwenye ncha ya chaga ya tatu tu tulihesabu kunguni 11 na mayai yaliyopangana kama shanga. Maji yalichemshwa kwenye birika, na kila kiungo kilimiminiwa mdomo wa birika ukiwa karibu na mbao, polepole. Ukimwaga kutoka juu, maji yanapoa hewani kabla hayajaingia ufa. Watoto wakae mbali kabisa na kazi hiyo. Mbao zilipokauka juani, matundu ya skurubu na nyufa zilizibwa kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi ya mbao. Kalenda iliyotundikwa juu ya kitanda iliteremshwa. Nyuma yake walikuwamo 6.

Kitanda kikarudishwa ndani, sentimita 20 kutoka ukutani, na kila tendegu likasimamishwa ndani ya kopo lenye maji na kijiko cha sabuni ya maji. Sabuni si mapambo. Bila sabuni mdudu mwepesi anaweza kuelea; sabuni ikiwepo anazama. Na usiridhike na kopo kavu lenye poda kama wanavyoshauri watu wa nchi za baridi. Kunguni wa ukanda wa joto ana miguu inayoshika vizuri sehemu laini, na hupanda akatoka. Maji hayo yabadilishwe mara mbili kwa wiki, mbu wa dengi wasije wakazaliana humo. Shuka wala chandarua visiguse sakafu au ukuta, kwa maana hilo ni daraja. Kamba ya chandarua inayotoka darini nayo ni daraja, hivyo ilipakwa mafuta ya mgando sentimita 10 kuizunguka, na yalipakwa upya kila wiki.

Baada ya hapo yule mama akalala kitandani mwake, usiku ule ule. Hili watu hulikataa. Wanahamia sebuleni kwenye kochi, na kunguni wanawafuata kwa joto na pumzi zao, sasa vyumba viwili vina shida. Laleni pale pale.

Siku ya 12 walirudia yote: matandiko, chaga, viungo, kila kitu. Kwenye hali ya hewa ya Dar yai linaanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10, na mtoto huchukua mwezi hivi, akipata damu, kufikia kutaga. Ukirudia kati ya siku ya 10 na ya 14 unawakuta walioponea kwenye mayai, kabla hata mmoja hajataga. Walipatikana 9, wote wadogo. Siku ya 24 hapakuwa na kitu kwenye mbao, ila kopo la upande wa ukutani lilikuwa na mmoja aliyezama. Mumewe akakagua ukuta, akakuta ufa nyuma ya soketi ya umeme; wakauziba baada ya kuzima umeme. Makopo yakabaki matupu wiki 8 mfululizo, na shuka jeupe bila doa jipya. Hapo ndipo nilipomwambia wamekwisha. Usitangulie kusema hivyo wiki ya pili kwa sababu tu hujaamka na vipele.

Kwa kuwa wewe umepanga, na kitanda mlikikuta humo, mwambie mwenye nyumba na uzungumze na wapangaji wa vyumba vinavyopakana nawe, bila aibu. Kunguni hana habari na usafi wa mtu. Anatafuta damu na ufa, na ukuta wa nyumba ya vyumba sita una nyufa za kutosha kuwarudisha kwako mwezi ujao.

Ikiwa wamejaa hata kwenye kuta na dari, mwite mpuliziaji anayejulikana, na msikubaliane chini ya mara mbili, ya pili wiki mbili baada ya kwanza, kwani dawa nyingi haziui mayai. Mwambie akuonyeshe chupa: iwe na lebo inayosema inafaa kutumika ndani ya nyumba, na imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Ile dawa inayouzwa mtaani kwenye chupa ya maji isiyo na lebo usiiingize ndani kwako; mara nyingi ni sumu ya shambani. Na vile vidonge vya kuhifadhia mahindi visifike chumbani kwa hali yoyote. Vinatoa gesi inayoua watu usingizini, pamoja na walio chumba cha pili.

Ngozi nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwani yenyewe ni rahisi. Ukiacha kuumwa, vipele hukauka ndani ya wiki moja hadi mbili. Kwa sasa oga kwa maji ya baridi na sabuni isiyo kali. Mwasho ukipanda, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika 10 juu ya vipele badala ya kukuna, kisha paka losheni ya kalamini. Vile vilivyovimba sana vipake krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, tabaka jembamba mara mbili kwa siku, isizidi siku 7, na isiwekwe usoni wala penye kidonda. Krimu za mchanganyiko wa dawa tatu zinazouzwa kiholela, zile ambazo wengine huzitumia kujichubua, ziache. Zina steroidi kali na zitaiacha ngozi nyembamba na yenye michirizi. Mafuta ya taa, dawa ya meno na jiki havipakwi mwilini, vinaunguza.

Ili ulale, meza setirizini miligramu 10 mara moja jioni. Piritoni nayo inafaa, ila italeta usingizi mzito zaidi. Kama una mimba, mwambie mfamasia kabla hajakupa chochote. Mtoto wako, sharubati ya setirizini yenye miligramu 5 kwa kila mililita 5, mpe mililita 2.5 asubuhi na 2.5 jioni, na soma chupa kwanza kwa sababu nguvu zinatofautiana. Mkate kucha leo.

Kipele kikianza kutoa usaha au gamba la rangi ya asali, wekundu ukitambaa na kuwa wa moto, au mtoto akipata homa, vijidudu vimeingia palipochubuliwa, na hapo anahitaji kuonwa kituo cha afya. Midomo au uso ukivimba, au mtu akipumua kwa shida, msisubiri asubuhi, nendeni hospitali usiku huo huo. Lakini kuhusu magonjwa, hofu hiyo iondoe: kunguni hajathibitika kumwambukiza mtu malaria, UKIMWI wala homa ya ini.

Kesho asubuhi anza na tochi na kadi kwenye ncha za chaga. Ukikuta madoa yanayochuruzika, weka birika jikoni. Usipokuta kitu baada ya kukagua mara mbili na alfajiri moja, njoo na mtoto kliniki, kwa sababu hapo nitahitaji kuviona vidole vyake.